Neno kwa neno, maana, au ya kuimbika? Tafsiri tatu za wimbo mmoja uliopigwa picha

Kijana mmoja wa kwaya yetu alinitumia picha ya ukurasa kwa simu, saa nne usiku. Ndugu yao alikuwa amezikwa Uingereza, na familia ya huku ilitaka kufanya ibada ya kumbukumbu Jumamosi kwa kutumia nyimbo zilezile zilizoimbwa kule. Picha ilikuwa ya kijitabu cha ibada: noti juu, maneno ya Kiingereza chini yake, herufi ndogo, na kivuli cha kidole pembeni.

"Shikamoo Mwalimu. Huu wimbo nimeupitisha kwenye simu ukatoka hivi. Tunauimbaje?"

Nikasoma kilichotoka. Mstari mmoja ulisema "sithubutu kuiamini fremu iliyo tamu zaidi". Mbele kidogo kulikuwa na nanga iliyoshika ndani ya shela, kana kwamba bibi harusi amepakiwa melini. Nikarudi kwenye picha, nikasoma noti kidogo, nikacheka peke yangu.

"Marahaba. Huu wimbo unaujua. Umeuimba tangu shule ya Jumapili. Ni Cha Kutumaini Sina."

Alinyamaza kama dakika tano, kisha akaandika: "Mwalimu, hakuna hata neno moja linalofanana."

Hapo ndipo penye somo. Wimbo ule uliandikwa na Mwingereza Edward Mote mwaka 1834, ukatiwa tuni na Mmarekani William Bradbury mwaka 1863, na Kiswahili chake kimo katika Tenzi za Rohoni. Kwa kuwa wengi tunao kichwani, unafaa kuwa kipimo: tunaweza kuweka tafsiri tatu kando kwa kando na kuona kila moja inabeba nini na inaangusha nini. Ukiwa na picha ya kijitabu chochote na hujui uifasiri kwa njia gani, anza kwa kuangalia hizi.

Ubeti wa kwanza, njia tatu

Njia ya kwanza ni neno kwa neno, karibu na ile iliyotoka kwenye simu ya kijana, ila nimeinyoosha kidogo. Namba kwenye mabano ni mizani, yaani silabi.

> Tumaini langu limejengwa juu ya si chochote pungufu (20)
> kuliko damu na haki ya Yesu, (11)
> sithubutu kuiamini fremu iliyo tamu zaidi, (19)
> bali naegemea kikamilifu juu ya jina la Yesu. (20)

Njia ya pili ni ya maana. Unauliza mwandishi alitaka kusema nini, kisha unakisema kama mtu wa kwenu angekisema, bila kujali tuni.

> Sitegemei kitu kingine chochote ila damu ya Yesu na haki yake. Hata moyo wangu ukiwa na raha kiasi gani, siutumainii. Naegemea jina lake tu.

Njia ya tatu ni ya kuimbika, na hii ndiyo tunayoijua.

> Cha kutumaini sina (8)
> ila damu yake Bwana, (8)
> sina wema wa kutosha (8)
> dhambi zangu kuziosha. (8)

Kwa Kiingereza kila mstari una silabi 8, kwa hiyo ubeti mzima una noti 32 za kuwekea maneno. Tafsiri ya neno kwa neno ina mizani 70. Haiingii, hata ukiimba kwa pupa kama dalali wa mnada. Sababu haina uhusiano na ufundi wa mfasiri. Kiingereza cha nyimbo kimejaa maneno ya silabi moja, na Kiswahili hakina mengi ya namna hiyo. Neno letu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani yake, na kila kimoja kinadai silabi. "Nalishika" ni neno moja lakini ni mizani minne. Kwa hiyo anayefasiri kwa ajili ya kuimba huanza akijua kwamba karibu nusu ya vilivyomo itabaki nje, na kazi yake hasa ni kuchagua cha kuacha.

Angalia mfasiri wetu alivyochagua. Mstari wa kwanza wa Kiingereza una tumaini lililojengwa, na lile fumbo la "si pungufu kuliko", ambalo maana yake ni "hiki tu, hakuna kingine". Mfasiri ameacha jengo lote, akachukua lile "hakuna kingine", akaligeuza kuwa kauli ya mtu aliyekung'uta mifuko: cha kutumaini sina. Kisha "ila". Neno dogo la mizani miwili limefanya kazi ambayo tafsiri ya simu ilishindwa kuifanya kwa mizani thelathini na moja. Kwangu mimi huo ndio mstari bora kuliko yote katika tafsiri ile, na neno lililotafsiriwa moja kwa moja ni tumaini tu.

Mstari wa tatu na wa nne ni hadithi nyingine. Lile neno ambalo simu imelitoa kama "fremu" kweli siku hizi ni fremu ya picha au ya mlango. Lakini kwa Waingereza wa kanisa wa zama zile lilimaanisha pia hali ya moyo, jinsi mtu anavyojisikia ndani akiwa anaomba. Mote anasema: siku ambazo moyo wangu umechangamka na imani inaonekana rahisi, hata siku hizo siutegemei moyo. (Kinachochekesha ni kwamba kabla ya kuwa mchungaji alikuwa fundi samani London, kwa hiyo mtu akitafuta habari zake ataona fremu na kuamini kabisa kwamba ni ya mbao.) Mfasiri wa Kiswahili hakulifasiri hilo wazo hata kidogo. Ameleta wazo jingine: sina wema wa kutosha kuosha dhambi zangu. Ni fundisho la nyumba moja na lile la kwanza, lakini si lenyewe. Aliyeimba Kiswahili tu hajawahi kuonywa asiuamini moyo wake siku ya furaha.

Je, ni kosa? Inategemea unataka tafsiri ya nini, ndiyo maana naziweka hizi tatu kando kwa kando.

Kabla ya kuchagua, soma picha vizuri

Picha ya kijitabu inakuja na matatizo yake, na mengine huwezi kuyaona mpaka umeshaharibu kazi. Kitabu chenye noti huweka beti zote chini ya mstari mmoja wa noti: chini ya noti za kwanza kuna mstari wa kwanza wa ubeti wa 1, chini yake mstari wa kwanza wa ubeti wa 2, kisha wa 3, kisha wa 4. Programu ya simu inayosoma maandishi haijui hilo. Inasoma kama gazeti, kutoka juu kwenda chini, na inakupa "ubeti" wa mistari minne iliyotoka kwenye beti nne tofauti. Kila mstari unaeleweka peke yake, kwa hiyo macho hayakushtui.

Kinachokushtua ni vina. Katika wimbo huu mstari wa kwanza na wa pili wa Kiingereza vinafungana, na wa tatu na wa nne vinafungana. Ukiona maandishi yaliyotoka hayafungani popote, umesomewa mkato. Kijana wangu alikuwa amepata hivyo hasa, ndiyo maana shela ilikuwa karibu na damu na giza karibu na parapanda.

Jambo la pili ni vistari. Chini ya noti, neno refu hukatwa vipande ili kila silabi ikae chini ya noti yake, na simu huweza kuyaona yale mapande kama maneno matatu ya ajabu. Hapa mimi huandika kwa mkono. Wimbo mmoja unachukua robo saa, na vile vistari vyenyewe ni hazina: vinakuonyesha ni silabi ngapi ziko kwenye mstari na ipi inavutwa kwenye noti mbili. Ukiziacha zipotee, utazihesabu upya kwa vidole.

Vijitabu vya kasha la sidii ni vigumu zaidi. Karatasi inang'aa, kwa hiyo zima mwanga wa simu, sogea dirishani na ushike simu sambamba na ukurasa. Lakini shida kubwa zaidi ni kwamba havina noti, kiitikio kimeandikwa mara moja tu hata kama kinaimbwa mara tano, na mwimbaji mara nyingi amebadilisha maneno studio. Bila kusikiliza rekodi unaweza kufanya tafsiri ya maana, hiyo haina neno. Ya kuimbika usiiguse mpaka umeusikia wimbo na kuhesabu noti.

Na wimbo wa sidii una mwenyewe. Kuufasiri ili uuelewe nyumbani ni jambo moja. Kuuimba hadharani au kuurekodi kwa Kiswahili ni jambo la ruhusa, kwa sababu tafsiri ni mojawapo ya haki za mtunzi. Wimbo wa 1834 haukuletei shida hiyo.

Mizani ndiyo sheria, vina ni heshima

Rudi kwenye ile ya kuimbika. Nimehesabu beti zote nne na mistari miwili ya kiitikio, jumla mistari 18. Kila mmoja una mizani 8, bila kupungua wala kuzidi. Vina je? Ubeti wa kwanza umefunga: sina na Bwana, kutosha na kuziosha. Wa nne umefunga: hukumuni na amani, haki yake na mbele zake. Lakini wa pili una "ndefu" na "wokovu", ambavyo vinakaribiana bila kugusana, na wa tatu unaanza na "sadaka" na "daima", ambavyo havijuani kabisa.

Mfasiri ametuambia alichokithamini. Kina kikilega, msikilizaji hakitambui mpaka akae na karatasi. Mizani ikizidi kwa mmoja, kwaya nzima inajikwaa mahali pamoja kila Jumapili, na waimbaji watajitengenezea wenyewe: watameza silabi, au watagawa noti, kila sauti kwa njia yake. Ukilazimika kutoa sadaka kati ya hivi viwili, toa kina.

Alikuwa na bahati pia. Mizani 8 kwa mstari ndiyo mizani ya utenzi wetu wa asili. Sikio la Mswahili lilikuwa limezoea kijistari cha ukubwa huo karne nyingi kabla Bradbury hajaandika noti. Wimbo ungekuwa na mistari ya silabi 5 angetaabika sana, kwa kuwa katika mizani 5 Kiswahili kinakupa maneno mawili tu, au neno moja refu.

Mkazo, ambao karibu wote wanausahau

Hapa ndipo tafsiri nyingi za kuimbika zinapoanguka huku mwenyewe akidhani amemaliza, kwa sababu amehesabu mizani na imetimia.

Maneno ya Kiingereza ya wimbo huu yana mkazo kwenye silabi ya 2, 4, 6 na 8. Tuni imefuata hivyohivyo: inaanza na noti nyepesi, kama mtu anayenyanyua mguu, kisha pigo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo mstari wowote wa mizani 8 unaoishia na neno la kawaida una mkazo kwenye silabi ya 7, wakati pigo la tuni liko kwenye ya 8. Sema kwa mdomo: Cha kutumaIni SIna. Sasa imba: cha KUtuMAiNI siNA. Tumeuimba hivyo tangu utotoni hatuoni ajabu. Mgeni wa Kiswahili akitusikia anaweza kufikiri neno ni "siná".

Kwa nini haitukeri? Nadhani ni kwa sababu ushairi wetu unapima mizani na vina, hauhesabu mkazo, na utenzi ukighaniwa mkazo unahama vilevile. Kwa hiyo kosa hili linasameheka, hasa kwenye wimbo uliozoeleka. Kwenye wimbo mpya halisameheki kirahisi, kwa kuwa msikilizaji bado anayatafuta maneno na mkazo uliohama unamficha neno.

Kuna dawa, nayo ni ndogo. Tanguliza silabi moja nyepesi mwanzoni, na igawe noti ya mwisho iwe mbili. Chukua mstari wa kiitikio:

> Kwake Yesu nasimama (8, mkazo kwenye 1, 3 na 7)
> Ni kwake Yesu nasimama (9, mkazo kwenye 2, 4 na 8)

"Ni" moja imesogeza kila kitu hatua moja, na sasa KWA, YE na MA zimekaa juu ya mapigo. Silabi ya mwisho inapata mkia wa noti ndefu ya mwisho. Ukiimba yote mawili ukipiga makofi, utaisikia tofauti kabla hujamaliza kiitikio. Gharama yake ni kwamba noti zilizochapwa na maneno havilingani tena moja kwa moja, na mpiga kinanda lazima aambiwe.

Mchanga uliopotea

Kiitikio ndicho kinachonipa kazi hasa. Neno kwa neno kinasema: juu ya Kristo, mwamba imara, nasimama, ardhi nyingine yote ni mchanga unaozama. Ni zile nyumba mbili za Mathayo 7, moja juu ya mwamba, moja juu ya mchanga. Hata tafsiri ya maana inapaswa kusahihisha hapo, kwa sababu mchanga wenyewe hauzami. Mchanga unatitia, anayezama ni aliyeukanyaga.

Tafsiri tunayoimba ni hii:

> Kwake Yesu nasimama,
> ndiye mwamba ni salama.

Mwamba upo, mchanga haupo. Nusu ya mfano imekatwa. Mtu mwenye kiwembe cha tafsiri ya maana ataliita hilo hasara, na ni kweli. Lakini jaribu kuurudisha uone. "Mchanga" una mizani mitatu, na wa kwanza ni ile "m" inayosimama peke yake, mdomo umefungwa. Noti yake inabaki mguno. "Kwingine mchanga tupu" ina mizani 8 kamili, nimejaribu kuiimbisha, na sauti ya pili ilivuma kama nyuki mahali hapo. Tena inaishia na "-pu", wakati noti ya mwisho inayovutwa inaomba mdomo uliofunguka. "Simama" na "salama" zote zinaishia na "a". Sidhani ni bahati.

Nilichopata baada ya kukwaruza karatasi ni hiki:

> Kwake Yesu nasimama,
> penginepo ni kuzama.

Mizani 8 kwa 8, kina cha "-ama" kimebaki, na tofauti ya kusimama na kuzama imerudi, ambayo ndiyo moyo wa mfano wenyewe. Mchanga wenyewe haujarudi, nami nimeukubali uende. Ila kuna jambo nililoliona tulipoimba tu: mstari huu wa pili hurudiwa, na ndio unaofunga wimbo. Kwa Kiingereza watu wanamaliza kila ubeti wakiimba mchanga. Kwa Kiswahili cha zamani wanamaliza wakiimba mwamba ni salama. Kwa changu wanamaliza wakizama, na kwenye ibada ya kumbukumbu, mbele ya mjane, sikuthubutu. Sasa namwelewa mfasiri wa kwanza vizuri zaidi kuliko nilipoanza kumkosoa.

Kinachopotea hapa kinaweza kurudi kule

Wengi wanaolinganisha tafsiri hupima mstari kwa mstari, na hapo wanamwonea mfasiri. Katika ubeti wa kwanza Kiingereza kinataja damu na haki. Kiswahili kina damu tu. Haki imeanguka, na nilitaka kumhesabia kosa mpaka nilipofika ubeti wa nne: "nikivikwa haki yake, sina hofu mbele zake." Haki imerudi, mahali ambapo Kiingereza nacho kinaitaja kama vazi. Aliyeimba wimbo wote ameipata. Aliyeimba ubeti mmoja na kukaa chini, hakuipata.

Ubeti wa pili unafanya biashara kubwa zaidi. Kiingereza kinaanza na giza linalofunika uso wa Bwana kama utaji, na kinaishia na nanga iliyoshika ndani ya pazia, lile la hekaluni la Waebrania 6:19. Kwa Kiingereza utaji na pazia ni neno moja, kwa hiyo ubeti unaanza na kuisha mahali pamoja. Ni mchezo wa maneno ambao kwa Kiswahili hauwezekani, na simu ndiyo iliyotoa shela kutokana nao. Mfasiri ameuacha wote. Badala ya giza ameweka safari: "Njia yangu iwe ndefu." Badala ya pazia hana kitu. Lakini bahari ameishika kwa mikono miwili:

> Mawimbi yakinipiga,
> nguvu zake ndiyo nanga.

Kwa mvuvi wa Bagamoyo au wa Ukerewe picha hiyo haihitaji maelezo. Pazia la hekalu lingehitaji mahubiri. Ukiwa na nafasi ya picha moja tu, bakiza ile ambayo waimbaji wako wataiona wakiwa wamefumba macho.

Basi uchague ipi

Ukitaka kujifunza lugha ya wimbo, au kumsaidia mwingine afasiri, fanya ya neno kwa neno, na usione haya. Ni rasimu ya ndani. Humo ndimo unamoona kwamba neno moja limerudiwa, kwamba kuna "fremu" isiyoeleweka inayohitaji kutafutwa. Usiichape tu. Nimeona ratiba ya ibada iliyochapwa nakala nyingi ikiwa na tafsiri ya aina hii, na watu wazima wakasimama wakaitazama kwa ukimya wa heshima.

Kama wimbo utaimbwa kwa lugha yake na watu wanataka kuufuata, chagua ya maana, na ichape kama maelezo ya kawaida, bila kuikata mistari kama shairi. Ukiikata mistari, kuna mtu atajaribu kuiimba. Hii ndiyo inayofaa kwa vijitabu vingi vya sidii, na ndiyo pekee inayoweza kumbeba Mote na onyo lake kuhusu moyo.

Ya kuimbika ichague pale tu watu watakapoimba kweli, una noti au rekodi, na una siku zaidi ya mbili. Hesabu noti za kila mstari kwanza, andika tafsiri ya maana pembeni, chagua picha moja au mbili za kubakiza, ndipo utafute maneno. Kisha mwite mtu ambaye hajaona karatasi, mwimbie mara moja, mwulize wimbo umesema nini. Akirudia picha uliyoichagua, imekaa. Akisema "tuni nzuri", rudi mezani.

Kwa ibada ile tulifanya mawili. Kwaya iliimba Cha Kutumaini Sina kama ilivyo, na kwenye karatasi, chini ya maneno ya Kiingereza, nikaweka tafsiri ya maana ya beti zote nne. Wajukuu waliokuja kutoka nje waliimba Kiingereza chao palepale, kwa tuni ileile, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake, maana silabi ni 8 kwa 8.

Ile mistari ya "fremu" bado naidai. Baada ya ibada niliwaonyesha wazee wawili wa kwaya jaribio langu:

> Hata moyo ukicheka,
> jina lake nalishika.

Mizani imetimia, kina cha "-ka" kipo, na onyo la Mote limerudi. Mzee wa sauti ya nne, ambaye amelelewa na Biblia ya zamani, aliisoma mara mbili akavua miwani.

"Nalishika," akasema. "Ulilishika lini, Mwalimu? Na sasa umeliachia?"

Masikioni mwake ile "nali" ni wakati uliopita, kama "nalikuwa" na "nalisema" za Agano Jipya. Sikuwa nimeisikia hivyo hata mara moja. Mistari ile bado imo kwenye daftari, na mshale mwekundu umeelekezwa kwenye neno la mwisho.